Pesa imelala kabatini, shampuu imeisha

*Shikamoo dada. Nina saluni ya kike hapa Mwanga, Kigoma, viti vitatu na mabinti wawili wa kunisaidia. Tunaosha vichwa kama 60 kwa wiki, siku sita. Miezi minne iliyopita nilichukua mkopo wa kikoba, 600,000, nikasafiri mpaka Kariakoo. Muuzaji alinipa bei nzuri ya rangi: tyubu moja moja ni 5,500, lakini nikichukua nane za namba moja ananipa kwa 5,000. Nikabeba namba 12, nane nane, jumla tyubu 96.*

*Leo nimehesabu, zimebaki 61. Nyeusi iliisha wiki ya tano, kahawia iliyokoza ikaisha mwezi wa tatu. Ya mvinyo zimebaki mbili, kahawia ya kawaida tatu. Zile namba nyingine nane, yaani kahawia nyepesi, ya dhahabu, blondi mbili, shaba, mahogani, nyekundu na zambarau, zimetoka moja moja tu. Developa ya 20 ya kuchanganyia rangi imeisha, nina chupa tatu za 40.*

*Kilichoniumiza zaidi ni wiki ya Idi. Shampuu iliisha Alhamisi, saluni imejaa. Nikakimbilia dukani nikanunua chupa ndogo tatu za mililita 750, kila moja 8,000, wakati dumu la lita 5 Kariakoo nalipata kwa 20,000. Nikituma pesa mzigo hufika siku ya tano, ila wakati wa masika ulichukua siku tisa. Dumu moja linanimalizikia kwa siku kumi za kazi. Marejesho ya kikoba yananisubiri na pesa iko kabatini. Nifanyeje?*

*Mama wa saluni, Mwanga*

Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi kwamba umehesabu kabla ya kuandika, maana hesabu yako imenipa karibu kila kitu nilichohitaji. Nilikuwa na saluni Tabora kwa miaka mingi na mzigo wangu ulipita barabara hiyo hiyo inayoleta wako, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyesubiri maboksi stendi.

Tuanze na shampuu, kwa sababu humo kuna jambo ambalo nadhani hujaliona. Dumu lako lina mililita 5,000 na linaisha kwa siku kumi. Unaosha vichwa kumi kwa siku. Ina maana kila kichwa kinakula mililita 50. Hiyo ni nyingi mno. Kichwa cha kawaida kikioshwa mara mbili, mkono wa kwanza wa kutoa mafuta na vumbi na wa pili wa kusafisha, kinatosheka na mililita 20 mpaka 30. Nywele ndefu na nzito zitataka zaidi, na mtu aliyefumua misuko ya mwezi mzima naye atataka zaidi, lakini wateja wako wote hawawezi kuwa wa namna hiyo. Karibu nusu ya dumu lako linateremka na maji kwenye sinki.

Sisemi mabinti wako ni wabaya. Mtu akimimina shampuu kutoka kwenye dumu au chupa yenye mdomo mpana hawezi kujua anatoa kiasi gani, na kwenye kichwa chenye mafuta mengi shampuu ya kwanza haitoi povu, kwa hiyo mkono unaongeza. Waeleze kwamba povu la mkono wa kwanza huwa dogo hata shampuu ikiwa ya kutosha. Anayetaka povu aongeze maji, asiongeze shampuu. Kisha nunua pampu ya kufunga kwenye dumu. Usiamini kilichoandikwa juu yake, ipime mwenyewe: bonyeza mara kumi ndani ya kikombe chenye alama za mililita, ugawe kwa kumi. Ikitoa mililita 10 kwa kubonyeza mara moja, sheria ya saluni iwe mara tatu kwa kichwa, nywele nzito mara nne.

Kuna njia nyingine ambayo saluni nyingi hupunguzia gharama, nayo ni kuongeza maji ndani ya dumu lenyewe. Naomba usiifanye. Shampuu ina dawa ya kuzuia wadudu wa uozo, na dawa hiyo imewekwa kwa kiasi kinachotosha ujazo ule tu. Ukiongeza maji unaipunguza nguvu, na kwa joto letu baada ya siku kadhaa shampuu inakuwa nyepesi kama maji, inabadilika harufu, wakati mwingine inaota utando mdomoni. Ukitaka kuipunguza makali, tia kwenye chupa ndogo kiasi cha kumaliza siku hiyo hiyo, na kesho uoshe chupa kwanza.

Ukishika mililita 30 kwa kichwa, dumu moja litaosha vichwa 166, yaani siku 16 za kazi badala ya kumi. Sasa weka hesabu hiyo mbele ya njia. Unasema mzigo hufika siku ya tano. Mimi nakuomba uisahau hiyo tano, ushike tisa, kwa sababu siku ya tano haijawahi kumwaibisha mtu mbele ya wateja. Inayoaibisha ni ile ya tisa. Siku tisa za kalenda ni siku nane za kazi kwako, vichwa 80, mililita 2,400. Hiyo ni nusu dumu. Basi chukua utepe wa rangi, ubandike katikati ya dumu la mwisho. Shampuu ikishuka mpaka kwenye utepe na hakuna dumu jingine nyuma yake, siku hiyo hiyo pesa itumwe, bila kusubiri mwisho wa mwezi na bila kusubiri rangi ziwe nyingi ili mzigo uende pamoja. Nauli ya dumu moja peke yake itakuuma kidogo, lakini zile chupa tatu ulizonunua kwa 24,000 zilikuwa lita mbili na robo tu. Kwa bei hiyo dumu zima lingekugharimu zaidi ya 53,000.

Kondishona ifanyie hivyo hivyo. Sitairudia.

Sasa rangi, ambako ndiko pesa yako iliko. Zile namba nane zimetoa tyubu nane katika miezi minne, mbili kwa mwezi. Zilizobaki ni 56. Kwa mwendo huo zitaisha baada ya miezi 28. Kwa bei uliyonunulia hiyo ni 280,000 ambayo haitarudi yote mpaka zaidi ya miaka miwili ipite, na marejesho ya kikoba hayasubiri miaka miwili. Punguzo la 500 kwa kila tyubu lilikuokolea 48,000 kwenye mzigo wote. Muuzaji hakukudanganya, bei ilikuwa nzuri kweli. Ila punguzo lina maana kwa kitu kinachotoka. Kwa kisichotoka umelipia kodi ya kabati.

Na kuna sababu kwa nini hazitoki, ambayo si bahati mbaya wala si watu wa Kigoma kutopenda rangi. Wateja wetu wengi nywele zao ni nyeusi tangu kuzaliwa, na wengine wameshapakwa nyeusi juu yake. Blondi au shaba kutoka kwenye tyubu, ukiichanganya na developa na kuipaka juu ya nywele nyeusi, haiwezi kuonekana kama ile picha ya kwenye boksi. Itatoa wekundu kidogo unaoonekana juani, basi. Na rangi haiondoi rangi nyingine iliyopakwa kabla. Ili blondi ionekane, lazima nywele zipigwe blichi kwanza, kazi ya muda mrefu, bei kubwa, na hatari kwa nywele zilizowekwa dawa. Kwa hiyo kila tyubu ya blondi unayoiweka kabatini inasubiri mteja wa blichi. Kabla ya kununua nyingine jiulize umepiga blichi vichwa vingapi mwezi huu. Kama ni kimoja, basi tyubu mbili zinatosha, na mteja wa namba ya pekee alipe nusu ya pesa mapema, wewe umwagizie.

Hapa kuna mtego ninaotaka tukae nao, maana mimi mwenyewe uliniingiza hasara kabla sijaujua. Ukifungua daftari lako utaona nyeusi imetoka tyubu nane kwa miezi minne, na kahawia iliyokoza imetoka nane kwa miezi minne. Zinaonekana sawa. Mwenye haraka ataagiza sawasawa, mbili mbili kwa mwezi. Lakini nyeusi ilitoka nane kwa wiki tano tu, kisha kabati likawa tupu wiki kumi na mbili. Wiki hizo daftari linaandika sifuri, na sifuri hiyo ni ya uongo. Wateja wa mvi walikuja, wakaambiwa haipo, wakaenda kwa jirani au wakapaka piko nyumbani. Kwa hiyo hesabu nyeusi kwa zile wiki tano ilipokuwepo: nane gawanya kwa tano, ni tyubu moja na nusu na kidogo kwa wiki, karibu 1.6. Kahawia iliyokoza ilikuwepo wiki kama 13, nane gawanya kwa 13, ni 0.6 kwa wiki. Tofauti ni karibu mara tatu.

Ndiyo maana naomba daftari lako liwe na safu mbili. Ya kwanza ni kilichotoka. Ya pili ni kilichoulizwa tukakosa, na hii mabinti waiandike mara mteja anapogeuka mlangoni, namba na tarehe. Bila safu ya pili utaendelea kununua kidogo kile ambacho watu wanakitaka zaidi, na daftari litakuunga mkono kila mwezi.

Tufanye agizo la mwezi huu pamoja. Nakushauri uagize mara moja kila wiki nne. Lakini usinunue ya wiki nne, kwa sababu agizo la leo lazima likufikishe mpaka mzigo wa agizo lijalo uingie mlangoni, si mpaka siku ya kuagiza. Wiki nne na siku tisa za njia, tuite wiki tano na nusu. Nyeusi: 1.6 mara 5.5 ni karibu 9, ongeza mbili za tahadhari, inakuwa 11. Huna hata moja, basi nunua 11. Kahawia iliyokoza: 0.6 mara 5.5 ni tatu na kidogo, sema nne, ongeza moja, ni tano. Huna, nunua tano. Ya mvinyo imetoka sita kwa miezi minne, inahitaji mbili na moja ya tahadhari, na unazo mbili, basi nunua moja. Kahawia ya kawaida inahitaji tatu na tatu unazo, basi usinunue. Zile nane nyingine usiguse.

Nyeusi 11 utazipata kwa 5,000, ni 55,000. Zile sita nyingine hazifiki nane za namba moja, kwa hiyo utalipa 5,500, ni 33,000. Jumla 88,000 kwa rangi zote za mwezi na zaidi. Utalipa 3,000 zaidi kwa kukosa punguzo kwenye zile sita. Zilipe bila kinyongo.

Developa nayo uihesabu kutokana na tyubu, isihesabiwe peke yake. Soma kwenye boksi la rangi yako kipimo cha kuchanganyia. Rangi nyingi ni kipimo kimoja kwa kimoja, nyingine kimoja kwa kimoja na nusu. Tyubu zote utakazotumia katika wiki tano na nusu, pamoja na zile za pole pole, hazitazidi 19. Kama tyubu yako ni ya mililita 60 na kipimo ni kimoja kwa kimoja, unahitaji lita moja na kidogo ya developa. Kwa kimoja na nusu, lita moja na robo tatu. Nunua lita mbili za 20. Kwa kuziba mvi na kukoza rangi, 20 ndiyo ya kazi, ina haidrojeni peroksaidi asilimia 6.

Zile chupa tatu za 40 zina asilimia 12, na naomba uziondoe kwenye rafu ya kila siku leo. Saluni ikiishiwa 20, mkono huenda kwenye 40 kwa sababu ipo, na mteja wa mvi anaungua ngozi kwa kitu ambacho hakukihitaji. Usizichanganye na maji ya bomba ili upate 20 pia. Hesabu ya asilimia itatoka sawa, lakini developa imetengenezwa na asidi kidogo ya kuilinda, na maji yenye madini yanaiharibu. Kama kuna mwenzako anayepiga blichi sana, muulize kama anazihitaji.

Developa inakufa kimya kimya. Joto, mwanga na uchafu huivunja ikawa maji na hewa ya oksijeni. Mimi niliwahi kuweka chupa zangu kwenye rafu ya dirishani, jua la mchana linazipiga, kwa sababu zilipendeza pale. Mama mmoja wa harusi nikampaka nyeusi, akasubiri muda wote, tukaosha, mvi za mbele zimebaki vile vile. Nililaumu tyubu. Baadaye nilipoishika chupa ya developa nikaona imevimba, na kifuniko kilipofunguka kikapumua. Nilimrudia bure, na rangi iliyopotea ilikuwa ya tyubu mbili. Kwa hiyo chupa ikivimba, au ikipumua ukiifungua, usimwekee mteja. Weka developa na rangi chini kwenye kabati la mbao lenye giza, mbali na sinki na mbali na bati la juu. Na kilichomiminwa kwenye bakuli kisirudishwe kwenye chupa hata kama hakijaguswa.

Tyubu zilizofunguliwa ndiko kwingine unakopoteza bila kujua. Mteja wa kugusia mizizi anahitaji gramu 30 za rangi au pungufu, lakini binti anaminya tyubu nzima kwa sababu imefunguliwa. Mizani ndogo ya jikoni ya dijitali itakurudishia bei yake haraka sana. Weka bakuli la plastiki juu yake, lisiwe la chuma, urudishe sifuri, pima rangi, kisha pima developa kwa kipimo cha boksi. Kilichobaki ndani ya tyubu kiminye kutoka chini mpaka hewa itoke, futa mdomo, funga kwa nguvu, andika tarehe kwa makapeni. Rangi ya mdomoni ikigeuka nyeusi na ngumu, kata sehemu hiyo utupe. Ikiwa ya ndani nayo imegeuka, tupa tyubu. Ila rangi iliyokwisha kuchanganywa na developa usiihifadhi hata saa moja. Nguvu yake inaisha hapo hapo kwenye bakuli, na ukiifungia kwenye chupa hewa inayotoka inaweza kuipasua.

Sasa zile 56. Kwanza zipange zote mezani usome tarehe za kuisha muda. Zinazoisha mapema ziwe mbele. Kisha mpigie muuzaji wako Kariakoo, mwulize kama anaweza kukubadilishia ambazo hazijafunguliwa kwa nyeusi. Wapo wanaokubali kwa mteja wa kudumu, hasa ukilipia nauli, na akikataa hujapoteza kitu.

Pili, kahawia nyepesi si mzigo uliokufa. Ukichanganya nusu kwa nusu na kahawia iliyokoza, za kampuni moja na aina moja, utapata kitu cha katikati, ambacho ndicho kahawia ya kawaida. Ina maana mpaka zile saba za kahawia nyepesi ziishe, huna sababu ya kununua kahawia ya kawaida. Nyekundu kidogo ukiongeza kwenye ya mvinyo inaipa moto, na wateja wa mvinyo wengi wanapenda hivyo. Jaribu kwanza kwenye kishungi kidogo cha nywele za nyuma, usianze kichwa kizima.

Blondi, dhahabu, shaba na zambarau ndizo za kuuza. Tafuta saluni za Ujiji, Gungu, hata Kasulu, zinazopiga blichi, uwauzie tyubu 20 kwa 4,000. Najua inauma kuuza kwa hasara ya 1,000 kila moja. Lakini hasara yote ni 20,000, na utakaa na 80,000 mkononi wiki hii, ambayo inakaribia kulipa rangi zote tulizoagiza hapo juu. Tyubu ya shaba ya 5,000 kabatini haiwezi kumpaka nyeusi mteja aliyesimama mlangoni.

Agizo zima likiwa na rangi 88,000, developa lita mbili ambayo nakadiria 24,000, madumu mawili ya shampuu 40,000, mawili ya kondishona nakadiria 48,000, na nauli kama 10,000, linafika 210,000. Madumu ni mawili kwa sababu ya ile ile hesabu ya wiki tano na nusu: vichwa 60 kwa wiki, mara wiki 5.5, mara mililita 30, inakaribia lita 10.

Na pesa ya agizo lijalo isitoke tena kikobani. Kila kichwa kinachooshwa kinatumia shampuu ya 120 na kondishona ya kama 145. Toa 300 pale pale, kabla pesa haijaingia kwenye mkoba. Kila kichwa cha rangi toa 6,000, inayorudisha tyubu na developa. Jioni uiingize kwenye laini ya simu ya peke yake ambayo hutumii kwa kitu kingine. Vichwa 60 ni 18,000 kwa wiki, na rangi tatu au nne kwa wiki ni kama 20,000. Kwa wiki nne una karibu 150,000, na hicho ndicho mzigo wa kawaida wa mwezi utakachogharimu mara kabati likishakuwa sawa. Agizo la kwanza ni kubwa kwa sababu unajaza kilichokauka, na hapo ndipo 80,000 ya tyubu ulizouza inapoingia.

Kuhusu Idi, usitumie mwezi wa mwaka jana kujipanga, kwa kuwa Idi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka kwenye kalenda ya ukutani. Angalia mwandamo. Wiki tatu kabla, ongeza dumu moja la shampuu juu ya hesabu yako, moja la kondishona na nyeusi nne, halafu Jumatatu baada ya sikukuu hesabu kilichobaki ukiandike pembeni. Mwaka ujao hutahitaji kukisia, utakuwa na namba yako mwenyewe ya wiki ile. Krismasi na msimu wa harusi uvifanyie hivyo hivyo.

Niandikie tena baada ya agizo la pili, ukiwa na safu ya waliokosa. Nataka sana kuona nyeusi inasomekaje hapo.